GitHub Actions au cron ya seva yako?

Tuseme script itume bei za dagaa za soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ziwafikie wachuuzi saa 11 alfajiri. GitHub Actions ni bure kwa repo ya wazi, lakini mwanzoni mwa kila saa foleni hujaa: kazi huchelewa, pengine hutupwa kabisa. Iwahishe kazi yako, kwa saa za UTC:

```
- cron: '43 1 * * *'
```

Kwa Mwanza ni saa 10:43 alfajiri. Kinachoniudhi zaidi ni repo ya wazi ikikaa siku 60 bila shughuli: ratiba huzimwa, nawe uiwashe tena kwenye ukurasa wa Actions.

Kwa bei hizi za dagaa ningechagua seva. Haina foleni hiyo, ila umeme ukikatika saa hiyo, cron haifidii zamu iliyopita.