Kuchangishana au kulipia bima: hesabu ya bodaboda 100

Tuchukue bodaboda 100 za Mbale, Uganda, kila moja ya shilingi 5,000,000, na tukadirie kuwa 2 huibwa kwa mwaka. Takwimu ni za darasani tu.

Kwa mtindo wa Munno Mukabi, yaani vikundi vya kusaidiana wakati wa shida, watu huchanga baada ya msiba. Zikiibwa 2, kila mmoja atatoa 100,000. Zikiibwa 4, atatoa 200,000, na hapo ndipo wengine huzima simu. Faida yake ni kwamba majirani wanajuana: anayelaza pikipiki barabarani anajulikana.

Bima hukusanya kabla: 100,000 za hasara inayotarajiwa, na tuseme 40,000 za gharama na akiba. Mwaka mbaya hauongezi mchango wa mtu. Lakini kampuni haimjui mteja, inategemea majibu yake kwenye fomu. Sasa, wenye pikipiki 20 wakiandika kuwa zinalala ndani ya uzio, kumbe zinalala nje na hatari yake ni 6 kwa 100, wizi unaotarajiwa ni 1.2 kwao na 1.6 kwa wale 80. Jumla ni 2.8, yaani 14,000,000, na fungu la hasara lina 10,000,000.

Pengo hilo la 4,000,000 ndilo linaloeleza kanuni ya uaminifu wa hali ya juu, yaani mteja kuiambia kampuni ukweli wote unaogusa hatari, iliyofafanuliwa na Jaji Mansfield huko Uingereza mwaka 1766. Wanafunzi hudhani inahusu uongo pekee. Hata kunyamaza kuhusu jambo ambalo lingebadilisha ada kunaweza kubatilisha mkataba. Rangi ya pikipiki si jambo la namna hiyo.