Tumbo linalokataa maziwa: cha kununua Malindi kwa mtu wa mazoezi, kuanzia kilicho bora

Kijana mmoja jirani yangu hapa Malindi, mwenye uzito wa kilo 66, hucheza mpira ufukweni kila alasiri, na kwa miezi kadhaa alikuwa akirudi nyumbani na kuchanganya kijiko kikubwa cha unga wa protini katika nusu lita ya maziwa. Baada ya saa moja tumbo lilianza kunguruma na kujaa gesi, na mara nyingine alilazimika kukimbilia msalani. Aliulaumu unga, akaubadilisha mara mbili kwa gharama kubwa, na hali ikabaki ileile. Nilipokaa naye tukapiga hesabu, tuliona kwamba kijiko cha gramu 30 cha unga wa aina ya kawaida kina takriban gramu 2 tu za laktosi, ilhali nusu lita ya maziwa ina karibu gramu 24. Alikuwa amebadilisha kisicho na kosa.

Laktosi ni sukari ya maziwa. Huvunjwa katika utumbo mwembamba na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho kwa watu wengi hupungua baada ya utotoni. Sukari isiyovunjwa huvuta maji na kushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachua na kutoa gesi. Kwa hiyo jambo hili ni la kiasi: watu wengi wenye tatizo hili huvumilia takriban gramu 12 kwa mara moja, yaani kikombe kimoja cha maziwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Ndiyo maana mtu yuleyule hunywa chai ya maziwa na mahamri asubuhi bila shida, kisha bilauri mbili za maziwa matupu zikamlaza.

Kabla ya kutumia pesa, hakikisha kwamba laktosi ndiyo yenye hatia. Asubuhi moja, kabla ya kula, kunywa bilauri mbili za maziwa ya kawaida. Siku nyingine, kwa kipimo hichohicho, kunywa maziwa yaliyotolewa laktosi. Dalili kwa kawaida hutokea kati ya nusu saa na saa mbili. Yakikusumbua yote mawili, tafuta sababu nyingine. Ukivimba midomo, ukitoka vipele au ukibanwa kifua baada ya maziwa, usifanye jaribio hili kabisa, kwa kuwa huo ni mzio wa protini ya maziwa, na maziwa yasiyo na laktosi yana protini ileile. Muone daktari, muone pia ukiona damu kwenye choo au ukikonda bila sababu. Kuhara kwa maambukizi nako kunaweza kuleta hali hii kwa majuma machache, kisha ikaondoka.

Nafasi ya kwanza naipa mtindi mzito usiotiwa sukari wala ladha, ulio na bakteria hai. Bakteria hao wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na wanaendelea kuivunja ndani ya utumbo wako. Kikombe cha gramu 250 hutoa takriban gramu 9 za protini na miligramu 300 za kalsiamu, na unapatikana hata katika maduka madogo. Mtindi uliopashwa moto baada ya kugandishwa umepoteza bakteria wake, basi tafuta kwenye pakiti maneno yanayosema kwamba bakteria wangali hai. Maziwa lala yanakaribia daraja hili, lakini anza na nusu kikombe, kwa sababu sehemu kubwa ya laktosi bado imo.

La pili ni maziwa yaliyotolewa laktosi. Kiwandani hutiwa kimeng'enya kinachoigawa laktosi kuwa sukari mbili ndogo. Protini na kalsiamu hazipungui, na utamu huzidi. Wanunuzi wengi hushtuka wakisoma kwamba sukari bado ni karibu gramu 5 kwa kila mililita 100, wakadhani wamedanganywa. Hawakudanganywa: sukari ipo, ila imekwisha vunjwa. Nimeyaweka ya pili kwa bei tu, na kwa kuwa katika mji huu mara nyingi hupatikana kwenye maduka makubwa pekee. Asiyejali bei ayapandishe hadi nafasi ya kwanza.

La tatu litawashangaza wengi, lakini Malindi ina Waitaliano, na kwa sababu yao kuna maduka yenye jibini ngumu iliyokomazwa kwa muda mrefu, ile iitwayo parmesani. Laktosi nyingi huondoka na maji ya maziwa jibini inapotengenezwa, na iliyobaki huliwa na bakteria katika miezi ya kukomaa, kiasi kwamba haibaki cha kuhesabiwa. Kipande cha gramu 30 kilichokwaruzwa juu ya wali au mayai hutoa gramu 10 za protini na zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu. Ni ghali na ina chumvi, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu apunguze mkono. Usiichanganye na jibini nyeupe laini inayotengenezwa kwa maji ya maziwa yenyewe, maana hiyo inabaki na laktosi.

Maziwa ya soya ni ya nne, kwa sharti moja: pakiti iseme kwamba yameongezwa kalsiamu, takriban miligramu 120 kwa kila mililita 100. Itikise kabla ya kumimina, kwa sababu kalsiamu hiyo hutuama chini, na anayemimina bila kutikisa humwachia mtu wa mwisho fungu lake. Soya ya kupika nyumbani ina protini, lakini kalsiamu yake ni chache.

Unga wa protini nauweka wa tano, si kwa ubaya wake bali kwa sababu hauondoi haja ya kutafuta kalsiamu. Chagua ule ambao mstari wa wanga kwenye lebo hauzidi gramu 1 kwa kipimo, na uchanganye na maji.

Chini kabisa ni maziwa ya lozi na tui la nazi. Ya lozi yana takriban nusu gramu ya protini kwa mililita 100, na tui ni mafuta zaidi kuliko kitu kingine. Tui litabaki kuwa la kupikia mbaazi na samaki. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia, ambayo watu husifiana kwamba hayana tatizo, yana laktosi inayokaribia ile ya ng'ombe.

Nje ya orodha hii, sokoni, kuna dagaa wakavu. Wakiliwa wazima na mifupa yao, gramu 30 hutoa takriban gramu 18 za protini pamoja na kalsiamu nyingi; ukiondoa mifupa, kalsiamu hubaki kwenye jalala. Sukuma wiki huongeza kalsiamu inayofyonzwa vizuri, tofauti na spinachi, ambayo kalsiamu yake hushikwa na asidi ya oksaliki ikapita tu.

Jirani yangu, anayehitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu na kwa mazoezi yake gramu 105 hivi za protini kwa siku, sasa hula mtindi kikombe kimoja baada ya mpira, hunywa bilauri moja ya maziwa yasiyo na laktosi usiku, na mchana hula dagaa kwa sukuma wiki na ugali. Protini iliyobaki huipata kwa mayai mawili, mbaazi na kipande cha samaki. Unga bado anao, naye huukoroga kwa maji.