Kitabu kimoja, cha pili cha akiba, na mitihani kumi: uzoefu wangu na kemia

Nilipofeli kemia mara ya kwanza, simu yangu ilikuwa na folda yenye faili 340 za PDF. Idadi naijua kwa sababu nilizihesabu siku nilipozifuta. Mlikuwa na noti za walimu nisiowafahamu, mada ile ile imefupishwa na watu saba tofauti, vitabu vya chuo kikuu nilivyovipakua kwa tamaa tu, na mitihani ya majaribio isiyo na majibu. Kila kundi la wanafunzi nililojiunga nalo halikosi mtu wa kutuma kitu na kuandika "hii ni moto, someni". Mimi nadaka, naweka kwenye folda, na nikishaweka najiona nimesoma.

Dada yangu ndiye aliyeniharibia raha hiyo. Alikaa kando yangu jioni moja, akaitazama ile folda, akauliza: "Mdogo wangu, katika yote haya, wiki hii umejibu swali gani kwa kalamu?" Nikakaa kimya. Wiki ile nilikuwa nimepakua sana, nimepitisha macho kwenye kurasa nyingi, na sikuwa nimeandika hata mstari mmoja wa hesabu.

Basi nilipojiandikisha kurudia mtihani nilibakisha vitu vitatu: kitabu kimoja cha kiada, kitabu cha pili kwa mada chache tu, na mitihani iliyopita ya miaka 10 pamoja na miongozo yake ya kusahihisha. Haya ndiyo niliyoyaona kwa miezi mitano.

Kitabu sikukichagua kwa sifa zake wala kwa jalada. Nilichukua mtihani mmoja wa zamani, nikatoa maswali matatu ambayo najua yalinishinda: hesabu za moli, elektrolisisi, na kasi ya mmenyuko. Nikavichukua vitabu vitano vilivyokuwa ndani ya uwezo wangu, kila kimoja nikakipa saa moja, na swali langu lilikuwa moja: je, kitabu hiki peke yake kinaweza kunifikisha kwenye jibu? Cha kwanza kilikuwa na picha za kupendeza, lakini kwenye hesabu za moli kilitoa mfano mmoja tu, tena ule mwepesi ambao asidi na besi zinakutana moja kwa moja. Cha pili kilijaa mazoezi mazuri ila nyuma hakina majibu, na kwa anayesoma peke yake hilo ni sawa na kupimwa nguo gizani. Cha chuo kikuu kilinipotezea dakika 40 kabla hakijafika kwenye kitu ninachoulizwa. Cha nne kilikuwa kizuri kwenye elektrolisisi na dhaifu kwingine kote. Kilichoshinda kilikuwa kibaya kwa sura, maandishi madogo, picha nyeusi na nyeupe. Lakini kila mada ilikuwa na mifano minne au mitano iliyokokotolewa hatua kwa hatua, ikiwemo ile yenye uwiano wa kutatiza, na majibu ya mazoezi yako nyuma.

Kisha nikaiweka silabasi pembeni ya yaliyomo ya kitabu na kutia alama ya penseli kila mada niliyoikuta. Mada mbili hazikuwemo kabisa. Hapo ndipo kile cha nne kiliporudi mezani, kwa mada hizo mbili, na nikazifunga kurasa zake nyingine kwa mpira ili nisijidanganye.

Mitihani iliyopita ilikuwa na mtego wake. Maswali yanapatikana kirahisi. Majibu yaliyoandikwa na watu wasiojulikana nayo yanapatikana kirahisi, na ndiyo hatari. Mwanzoni nilitumia majibu ya namna hiyo kwenye swali la elektrolisisi ya maji ya chumvi yaliyokolea sana. Mwandishi alisema kwenye anodi inatoka oksijeni. Mimi nilikuwa nimeandika klorini, nikajisahihisha, nikajiona mjinga, na siku mbili nikatembea na kosa lisilo langu. Kitabu ndicho kilichonitoa: chumvi ikiwa imekolea, anodi hutoa klorini na kathodi hutoa haidrojeni, oksijeni huja zaidi pale chumvi inapokuwa kidogo mno majini. Tangu siku ile sikugusa jibu lolote ambalo halikutoka kwa bodi yenyewe iliyotunga mtihani. Kama kuna ripoti ya watahini ya mwaka ule, niliisoma kabla ya kitu kingine, maana humo wanasema waziwazi watahiniwa wengi walijikwaa wapi.

Thamani ya mwongozo wa kusahihisha niliielewa kwenye swali moja la alama 4. Sentimita za ujazo 25.0 za myeyusho wa NaOH zimebatilishwa kikamilifu na sentimita za ujazo 20.0 za asidi ya salfa yenye ukolezi wa moli 0.10 kwa lita. Tafuta ukolezi wa NaOH. Nilikokotoa haraka: 20.0 gawanya kwa 1000, mara 0.10, nikapata moli 0.0020. Nikazigawanya kwa lita 0.025, nikaandika 0.08, nikapiga mstari chini yake kwa kujiamini. Jibu sahihi ni 0.16.

Zamani ningesema "nimekosea hesabu" na kwenda kupakua noti nyingine za moli. Mwongozo ulinionyesha kitu kingine. Alama ya kwanza ni ya mlinganyo uliosawazishwa:

H2SO4 + 2NaOH → Na2SO4 + 2H2O

Ya pili ni ya moli za asidi, 0.0020. Ya tatu ni ya uwiano, kwamba kila moli moja ya asidi inakula moli mbili za NaOH, kwa hiyo moli ni 0.0040. Ya nne ni 0.0040 gawanya kwa 0.025. Moli na kugawanya nilikuwa najua. Nilichoruka ni mlinganyo, na niliuruka kwa sababu mifano yote niliyokuwa nimezoea ilikuwa ya asidi ya haidrokloriki, ambayo uwiano wake ni moja kwa moja. Mwongozo uliniambia pia kwamba mtu aliyekosea uwiano lakini akaendelea kwa njia sahihi anaweza kupata alama ya hatua ya mwisho, mradi hatua zake zinaonekana. Mimi niliyeandika tarakimu mbili na mstari chini yake, ningepata nini?

Dawa ilikuwa kurasa tatu za kitabu na mazoezi sita yenye uwiano usio sawa. Jioni moja ikatosha.

Kuanzia hapo kila alama niliyopoteza niliiandika daftarini ikiwa na herufi moja. "S" ni sikujua. "H" ni niliruka hatua. "W" ni nilisoma swali vibaya, kwa mfano wameomba gramu nikajibu moli. Kwenye mtihani wa tatu nilipoteza alama 38. Nilipozihesabu, S zilikuwa 9 tu. Karibu theluthi mbili zilikuwa H. Nililitazama daftari kwa muda mrefu, maana maana yake ni kwamba zile faili 340, hata kama ningezisoma zote, zilikuwa zinatibu ugonjwa ambao sikuwa nao sana. S pekee ndiyo iliyonirudisha kwenye kitabu. H na W nilizitibu kwa kulirudia swali lile lile baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki moja, bila kutazama.

(Kuna utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006 unaoelezea nilichokuwa nakiona. Waliorudia kusoma tu walikuwa mbele walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Zile dakika tano ndizo zilizonidanganya miaka yote.)

Sasa kasoro, maana mfumo huu haukosi. Kwenye mtihani wa tano alama zangu zilipanda ghafla nikafurahi, hadi nilipogundua kuwa maswali mawili nilikuwa nayakumbuka, wala sikuyakokotoa. Bodi hurudia mtindo wa maswali, na macho hujifunza haraka kuliko akili. Nikaanza kuyageuza: badala ya kutafuta ukolezi, najipa ukolezi na kutafuta ujazo wa asidi. Kwa lile swali la juu, kama NaOH ni ile ile ya 0.16 na ni sentimita za ujazo 50.0, asidi inayohitajika ni sentimita za ujazo 40.0. Nikishindwa kugeuza, najua nilikuwa nimekariri. Ukijaribu hili utaumia kidogo mwanzoni.

Kasoro ya pili ni umri. Mitihani miwili ya nyuma kabisa ilitungwa kabla silabasi haijabadilishwa, na mpangilio wa sehemu zake ni mwingine. Niliitumia kama chemchemi ya maswali tu, sikuipigia saa wala sikuihesabia alama.

Miwili ya karibuni niliifungia bahasha, sikuitazama hata kwa kuchungulia, hadi wiki tatu za mwisho. Huo ndio uamuzi ninaoupenda kuliko yote. Wa kwanza niliufanya kwa saa 3 kamili, mlango umefungwa, na swali la mwisho sikulifikia. Mtihani una alama 100, dakika 180, yaani dakika 1.8 kwa alama, na swali la alama 4 lina haki ya dakika 7 na ushee. Mimi nililipa moja kama hilo dakika 16 kwa ubishi. Wa pili nilimaliza zikiwa zimebaki dakika 11.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepanda madaraja mawili. Siwezi kusema ni kitabu, ni mitihani au ni kule kuacha kupakua, ila maswali ya hesabu niliyajibu yote kwa hatua zinazoonekana.

Naupa mfumo huu nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya maabara. Hakuna karatasi iliyonifundisha kuinama hadi jicho liwe sawa na usawa wa kimiminika kwenye bureti, wala kuacha kufungua koki kwa pupa rangi inapokaribia kugeuka. Siku ya vitendo nilipitiliza mara moja, nikaanza upya, na nusu saa ikaniponyoka.