Kipande cha kioo pande hazilingani, na muuzaji anajibu ovyo

Kipande cha kioo cha mstatili, kile cha kupimia kupinda kwa mwanga maabara, nilikinunua kwenye duka moja la vifaa vya shule hivi karibuni. Bado nina hasira.

Tulikilaza juu ya karatasi, tukachora mipaka yake kwa penseli, tukachoma pini mbili upande mmoja. Kisha tukachungulia kutoka upande wa pili na kuchoma nyingine mbili, mpaka zote nne zikaonekana zimenyooka. Mstari wa mwanga unaotoka hapo lazima uwe sambamba na ule ulioingia, umesogea pembeni tu. Wetu ulikataa. Kwa kila kikundi, mistari iliachana karibu nusu sentimita ndani ya sentimita 20. Nikachukua kalipa: upana wa kioo mwisho mmoja ni milimita 60, mwisho wa pili 57. Nyuso zenyewe haziko sambamba, mwanga utatokaje sambamba?

Nikakirudisha. Kijana wa dukani hata hakukishika. "Mwalimu, vioo ndivyo vilivyo, vinadanganya macho. Kwani shilingi kwenye ndoo si inaonekana imepanda?"

Jamani! Shilingi haipandi ovyo. Ukiiweka chini ya maji yenye kina cha sentimita 12 na kuitazama kutoka juu kabisa, utaiona kama iko sentimita 9 chini. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani hupinda na kutawanyika zaidi, na jicho hufuata mistari hiyo moja kwa moja kwenda chini, inakokutana mahali pa juu kuliko shilingi ilipo. Gawanya 12 kwa 9 upate 1.33, ndiyo namba ya maji, inayoonyesha yanavyopinda mwanga. Itazame kwa kuinamia pembeni, itaonekana imepanda zaidi, na hesabu hiyo haifai tena. Hayo ni mambo yenye kanuni. Kioo kilichokatwa upande hakina kanuni ya kujitetea.

Kwa haki lakini, niseme na hili. Namba ya kioo chenyewe tuliipata. Mwanga uliingia kwa nyuzi 40 kutoka mstari wa wima wa uso, ndani ukawa nyuzi 25. Saini ya 40 ni 0.643, ya 25 ni 0.423, ukigawanya unapata 1.52, namba ya kioo kizuri kabisa. Hesabu hiyo inategemea uso wa kuingilia peke yake, ilimradi mipaka umeichora kwa kukizungushia kioo chenyewe. Kwa hiyo nilitaka kusema kinafaa.

Lakini hapana. Mwanafunzi akiona mistari haiko sambamba, anafuta vipimo vyake vilivyo sahihi na kuchora vya uongo ili vifanane na kitabu. Nimewaona wakifanya hivyo, na iliniuma. Msinunue pale bila kwenda na kalipa. Pimeni miisho yote miwili kabla ya kutoa hela.