Miezi minne na programu ya kusoma Kiurdu kwenye picha: "harusi ya bandeji"

Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Ruwi, Maskati. Wapakistani ni wengi, Wairani wapo kiasi chao, na kila mmoja anaingia ameshika simu: "Bhai, nichapie hii." Kiarabu nakisoma tangu chuoni Unguja. Kiurdu nimekiokota hapahapa kazini, na Kiajemi nasoma kwa kudokoadokoa. Kwa hiyo niliposikia kuna programu ya simu inayotoa maandishi kwenye picha, na kwenye orodha ya lugha zake zimo hizo mbili, nikalipa ada. Jina lake naliacha, kwa sababu nilizojaribu kabla yake zinaangukia palepale.

Nianze na lililonifurahisha. Kurasa za vitabu vya Kiajemi vilivyopigwa chapa Irani inazisoma vizuri sana. Sababu ni kwamba vitabu hivyo kwa kawaida huchapwa kwa naskhi, hati ile ile ya jamaa za misahafu yetu: herufi zimekaa kwenye mstari mmoja kama watu kwenye safu ya sala. Ukurasa mzima nasahihisha kwa dakika chache.

Kiurdu ni kisa kingine. Waurdu hawaipendi naskhi, wanataka nastaliki, hata kwenye gazeti. Katika nastaliki neno halilali. Herufi zilizoshikana huanzia juu kulia na kuteremka kama ngazi hadi chini kushoto, halafu kifungu kinachofuata kinapanda tena juu na kuanza kuteremka upya. Umbo la herufi hubadilika kufuata jirani yake wa mbele na wa nyuma. Ndiyo maana magazeti ya Kiurdu ya Pakistani yaliandikwa kwa mkono na makatibu, yaani waandishi wa hati, mpaka 1981, gazeti la Jang lilipoanza kutumia Nuri Nastaliki, chapa aliyoitengeneza Mirza Ahmad Jamil pamoja na kampuni ya Monotaipu. Alfabeti haikutosha. Ilibidi yachorwe maumbo kama 20,000 ya herufi zilizokwisha kushikana. Sasa fikiria simu inayotafuta herufi moja moja humo ndani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee mmoja wa Kipakistani alileta kadi ya harusi ya bintiye, wino wa dhahabu juu ya karatasi inayong'aa. Alitaka maneno yale yale kwenye kadi mpya, kwa kuwa ukumbi ulibadilika. Nikapiga picha, nikabonyeza, maandishi yakatoka. Nikayabandika, nikamwonyesha. Mzee akasoma, akavua miwani, akasoma tena. "Beta, nani anaoa bandeji?"

Kwenye kadi kulikuwa na بیٹی, yaani beti, binti. Programu ilitoa پٹی, yaani patti, kitambaa cha kufungia jeraha. Tazama lilivyotokea. Neno beti linaanza na ب yenye nukta moja chini, ikifuatiwa na ی ambayo katikati ya neno ina nukta mbili chini. Katika nastaliki ile ی ya kati ni kijino tu, hata kucha haifiki, na nukta za herufi hizo mbili hurundikana mahali pamoja kwa kukosa nafasi. Moja na mbili ni tatu, na nukta tatu chini ni پ. Kijino kikamezwa na mwako wa wino, nukta tatu zikabaki, binti akawa bandeji. Kibaya zaidi, maneno yote mawili ni ya kike katika Kiurdu, kwa hiyo sentensi nzima bado inakwenda sawa kisarufi na hakuna kitu cha kukushtua. Wenyewe wana utani wa zamani kuhusu nukta: dua (دعا) ukiiongezea moja inakuwa دغا, usaliti.

Wazee wetu wa pwani waliposoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu walikuwa na shida hiyo kinyume chake. Wengi waliandika ب kwa "b" na kwa "p" pia, na msomaji alijijua mwenyewe kama ni baba au papa. Lakini msomaji yule alikuwa anajua habari inahusu nini.

Baada ya aibu ile nikarudi kwenye picha, na huko ndiko nilikopata nafuu kubwa kuliko kwenye mipangilio yoyote. Flashi nimeizima, kadi naiweka karibu na dirisha mwanga uje kwa ubavu. Kisha naikuza picha mpaka nione nukta moja. Nukta ya nastaliki ina pembe nne kama kashata iliyokatwa mshazari, kwa kuwa ndiyo alama ya ncha ya kalamu ya mwanzi. Nikiona pembe, picha inafaa. Nikiona doa la mviringo, au nukta tatu zimegandana kuwa kidonge kimoja, napiga upya kwa karibu zaidi, mistari miwili mitatu kwa picha. Na mteja akitaka kunitumia kwa Watsapu, namwambia atume kama faili, maana ikitumwa kama picha hubanwa, na nukta ndizo za kwanza kufa.

Kosa langu kubwa lilikuwa kitufe cha "safisha picha". Kinafuta vumbi, na nukta kwake ni vumbi. Tangu nikizime, خ hazijawa ح mara nyingi kama mwanzo. Kile cha kugeuza picha nyeusi na nyeupe nacho nimekiacha: kwenye wino hafifu kinakula nukta na mikia.

Kuna mshazari mwingine ambao programu haiutambui hata kidogo. Muirani mmoja alileta ubao wa mashairi ulioandikwa kwa mpangilio wa chalipa, ambapo beti zenyewe zimepandishwa kiupandeupande kwenye ukurasa. Ilitoa takataka. Dawa yake ni rahisi: zungusha picha mpaka mistari ilale, ukate mmoja mmoja. Usivuke hapo. Nilidhani nikizungusha zaidi nitanyoosha na ule mteremko wa ndani ya neno, kumbe nikanyoosha kifungu kimoja na kupindua jirani zake. Mteremko huo ni wa hati yenyewe, hautoki. Na ubao ule, hata baada ya kukata mistari, niliuchapa kwa mkono zaidi ya nusu: kwa kalamu ya mwandishi hodari, meno ya س huvutwa yakawa mkunjo mmoja mrefu, na programu haioni herufi pale.

Jambo moja dogo kwa wanaofanya kazi hii: programu yangu huchanganya ي ya Kiarabu na ی ya Kiajemi, na ك na ک. Kwa jicho ni karibu kitu kimoja, lakini kompyuta inazihesabu mbalimbali (U+064A na U+06CC, U+0643 na U+06A9), ukitafuta neno hulipati. Mimi hubadilisha zote kwa mkupuo kabla sijaanza kusahihisha.

Nyota ninazoipa: tano kwa Kiajemi cha vitabu, tatu kwa Kiurdu kilichopigwa chapa, moja kwa mwandiko wa mkono. Ada nimelipa tena, ila ya mwezi mmoja mmoja. Kadi za harusi bado zinakuja, na kila moja, kabla sijamwita mwenyewe aje kuisoma, natafuta kwanza پٹی.