Niliuziwa MB 4 kwenye flashi nikaambiwa ni Visual Studio nzima

Nina hasira, na sitazificha. Nafundisha C++ vijana sita huku ambako intaneti yetu ni bando la simu tu. Juzijuzi nikaingia duka moja la kompyuta mjini, nikamwomba kijana wa pale aniwekee Visual Studio Community kwenye flashi, ile inayojitosheleza isiyohitaji mtandao. Akachukua elfu kumi yangu. Nikamuuliza, "Kaka, mbona imekopi upesi hivyo? Ina ukubwa gani?" Hakuniangalia hata usoni. "Dada, hiyo ndiyo setapu nzima. Kama hujui kompyuta, tuachie wenyewe."

Nyumbani nikaifungua, simu ikiwa imeunganishwa kama hotspoti. Ikaanza kushusha. Nikadhani inakagua kitu kidogo, nikaenda kuinjika chai. Niliporudi bando la wiki nzima lilikuwa limekwisha na kazi haijafika hata nusu. Ndipo nikabofya faili ile kitufe cha kulia, nikaangalia ukubwa wake: kama MB 4 tu. Lile faili ni tarishi. Kazi yake ni kwenda mtandaoni kuleta mzigo wenyewe, na ukiliendesha kwenye laptopu sita, kila laptopu inaushusha upya. Kwa hiyo ukiuziwa "setapu nzima" ya programu kubwa kama hii, angalia ukubwa kabla hujatoa hela. Ikiwa ni MB chache, hujapewa kitu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba faili lilelile, ukiliamuru vizuri, linashusha mzigo mara moja tu na kuuweka kwenye folda. Nilifungua dirisha la amri pale lilipo faili, nikaandika hivi:

```
vs_community.exe --layout D:\vs --add Microsoft.VisualStudio.Workload.NativeDesktop --includeRecommended --lang en-US
```

Hapa msiharakishe. Mara ya kwanza niliacha `--lang`, nikaona mafaili ya Kijapani na Kijerumani yanaingia kwenye diski yangu. Usipotaja lugha, inaleta zote. Na usipoweka `--add`, inaleta kila kitu kilichomo Visual Studio, makumi ya GB. Mimi nahitaji C++ ya mezani tu, ndiyo hiyo `NativeDesktop`. Njia ya folda nayo iwe fupi, kama `D:\vs`, maana mafaili ya ndani yana majina marefu na njia ikirefuka mno kazi inagoma.

Nikawa nashusha kwa bando la usiku, usiku nne mfululizo. Mtandao ulikatika mara nyingi, na usiku wa pili umeme ulizimika kabisa. Nilihisi nimerudi sifuri. Nikaiandika tena amri ileile bila kubadilisha herufi, ikakagua vilivyokwisha kufika, ikaviacha, ikaendelea na vilivyobaki. Jamani, nilifurahi peke yangu saa tisa usiku! Mzigo umegawanywa vifurushi vingi, kwa hiyo ukikatika unapoteza kile kilichokuwa njiani tu. Ilipoisha nikairudia na `--verify` ili ikague kama kuna kilichoharibika.

Nikanakili folda kwenye diski ya nje, nikaipeleka darasani. Kwenye kila laptopu, pale diski ilipokuja kama D:

```
D:\vs\vs_community.exe --noWeb --add Microsoft.VisualStudio.Workload.NativeDesktop --includeRecommended
```

`--noWeb` ndiyo inayolinda bando lako. Ukiisahau na hotspoti iko wazi, inaweza kwenda mtandaoni kutafuta matoleo mapya. Lakini ukiiweka kisha ukachagua kitu ambacho hukukishusha, itashindwa.

Laptopu tano zilikubali. Ya sita, yenye Windows ya siku nyingi isiyowahi kusasishwa, ikakataa ikisema haiwezi kuthibitisha saini za vifurushi. Dawa ilikuwa ndani ya folda ileile, kwenye `certificates`: nikaviweka vyeti vile kwenye Windows kimoja kimoja, nikaanza upya, ikapita.

Njia yenyewe basi naipa alama zote. Au tuseme karibu zote, kwa sababu mzigo ule unazeeka, na nikitaka toleo jipya itabidi niendeshe tena amri ya kushusha na kununua mausiku mengine.

Kuhusu duka, nilitaka kuandika kwamba huenda yule kijana naye hakujua. Hapana. Nilimuuliza ukubwa, na angeweza kuutazama kwenye kioo chake pale pale. Nilirudi kudai elfu kumi yangu, akasema flashi imeshatumika. Sitanunua pale tena hata waya wa chaja.