Fundi wa Kukagua Gari: Anakula kwa Nani?

Habari zenu watazamaji wangu. Leo sichambui gari, nachambua ukaguzi wenyewe. Toyota IST moja, yadi moja pale Kinondoni, bei milioni 11. Nimeikagulisha mara mbili.

Fundi wa kwanza aliletwa na dalali, akanitoza 20,000. Nafika, injini inanguruma, eti wanaipasha. Akasikiliza, akapiga tairi teke, akasema, "Bosi, hiki chuma, lipia tu." Kumbe biashara ikikubali, dalali anamkatia chake. Gari likikataliwa, kwa dalali hapati kitu.

Wa pili nilimtafuta mwenyewe. Sikuuliza watu "fundi mzuri nani," maana kila mtu ana wake. Niliwauliza kazini: nani aliwahi kuambiwa na fundi "hili usinunue"? Likatoka jina moja, la fundi wa Tegeta. Tukapatana 60,000, ninunue nisinunue, na gari nikilichukua matengenezo hayaendi kwake, asije akajitengenezea kazi. Yadi nilimtajia asubuhi ileile ya ukaguzi.

Tulifika saa moja. Kabla ya salamu akaweka kiganja juu ya boneti. Lingekuwa la moto tungerudi kesho, kwa sababu injini ikishapata moto inaficha mengi. Lilikuwa baridi, akawasha huku mimi nikitazama ekzosi. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Mweupe usiokata hata injini ikipata moto, huenda maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Mvuke kidogo wa asubuhi usikutishe. Akakanyaga breki, akatoa gia N kwenda D. Ikichelewa kushika au ikishtua, gia boksi ina neno. Hapo IST ilifaulu, na barabarani pia. Namba ya chesisi ilifanana na kadi.

Nikaanza kutabasamu. Yeye akaingia ndani, akavuta mkanda wa dereva mpaka mwisho kabisa, sehemu ambayo kwa kawaida haitoki. Pale palikuwa na mstari wa tope. Wanaoosha magari husugua viti na kapeti, mwisho wa mkanda wanausahau. Akainua kapeti: boliti za viti zina kutu. Akamulika chini ya dashibodi, soketi za waya zina ukungu wa kijani. Jangwani ikijaa maji ya mafuriko mnaiona wenyewe, basi gari hili lilikunywa maji kama hayo, popote yalipokuwa. Linawaka vizuri leo, ila kutu inaendelea kula nyaya, na baada ya miezi taa za dashibodi zinaanza kuwaka zenyewe.

Haoni kila kitu, alisema mwenyewe: ndani ya injini bila kufungua ni kukisia tu.

Dalali alishusha milioni 1 na nusu palepale. Nikakataa, nikampa fundi 60,000 yake, naye akapanda daladala kurudi Tegeta.